Ratiba ya dakika kwa dakika ya siku ya harusi ni nini?

Ni karatasi inayotaja kila tukio la siku ya harusi, saa yake, mahali pake, na jina la mtu mmoja anayelisimamia. Siyo ile ratiba ya MC, ambayo huanza maharusi wakiingia ukumbini. Hii huanza asubuhi saluni, na kwa Dar es Salaam huko ndiko harusi nyingi zinakochelewea.

Hupangwa kwa kurudi nyuma. Tuseme ibada ni saa 8:00 mchana, kanisa la Azania Front, na bi harusi anapambwa Sinza. Anatakiwa mlangoni saa 7:45. Kutoka Sinza hadi Posta siku ya Jumamosi, tena kwa msafara, mimi huweka saa nzima. Basi gari liondoke saa 6:45. Kuvaa gauni, kubana shela na kupiga picha ni dakika 45, hivyo mekapu iishe saa 6:00. Mekapu na nywele vinataka saa mbili na nusu. Akae kwenye kiti saa 3:30.

Wengi humweka bi harusi awe wa mwisho kupambwa ili asichakae. Matokeo yake, kila dakika waliyopitiliza waliomtangulia inamwangukia yeye. Mweke wa pili kutoka mwisho. Kiti cha mwisho mpe binamu ambaye akichelewa atafuata na gari jingine na ibada itaanza bila yeye.

Sasa majina. Ukiandika "saa 6:30, pete: kamati", kila mwanakamati ataamini mwenzake anazo. Andika "saa 6:30, pete zimo mfukoni mwa Baraka, anampigia Neema kuthibitisha", na namba zao za simu pembeni. Baraka huyo asiwe pia ndiye anayewalipa wapiga matarumbeta saa hiyohiyo. Na Neema, anayeshika ratiba nzima, asiwe mama mzazi wala matroni: hao wana kazi ya kuwa karibu na bi harusi, na simu watakuwa wameiacha kwenye mkoba wa mtu.

Usimtumie kila mtu karatasi yote. Dereva atumiwe mistari yake mitatu tu kwa WhatsApp, jana yake jioni, naye aijibu kwa kuirudia.

Hili la kuirudia nimejifunza kwa uchungu. Kwenye harusi ya mdogo wangu tuliandika kuondoka ni "12:45", saa ya kompyuta. Dereva akaisoma kwa saa yetu: saa kumi na mbili na dakika 45, jioni. Tulipompigia, gari la bi harusi lilikuwa bado na povu, linaoshwa, hata maua hayajafungwa. Mdogo wangu alikaa na gauni lake ngazini dakika 50, akitokwa jasho juu ya mekapu. Siku hizi naandika "saa saba kasorobo mchana", kwa maneno.