Kugawanya Mfumo Hakuondoi Uzito Wake

Katika ofisi za Nairobi, kuanzia Westlands hadi Upper Hill, nimeitwa mara nyingi mno kushauri kampuni ambazo zimekwisha kufanya uamuzi kabla sijaketi. Naelezwa kwamba mfumo umekuwa mzito, kwamba ni monolithi ya zamani, yaani programu moja iliyobeba kazi zote, na kwamba ninachotakiwa kufanya ni kusimamia kazi ya kuugawanya katika huduma ndogo ndogo zinazojitegemea. Ninapouliza ni ombi lipi hasa linalochelewa, na linachelewa likiwa katika hatua gani, aghalabu hakuna aliyepima. Basi nimeona heri kuandika majibu ambayo nimekuwa nikiyarudia kwa mdomo.

Dhana: mfumo ukiwa mzito, dawa ni kuugawanya

Ukweli ni kwamba kugawanya huongeza kazi kwa kila ombi. Sehemu moja ya programu inapoiita nyingine ndani ya mchakato ule ule, wito wenyewe hauchukui hata sehemu moja ya milioni ya sekunde. Sehemu hizo zikitenganishwa na mtandao, data hupangwa upya kuwa JSON, husafirishwa, husomwa na kupangwa tena upande wa pili, na hata ndani ya kituo kimoja cha data safari hiyo kwa kawaida hugharimu kuanzia nusu milisekunde hadi milisekunde kadhaa. Kilichokuwa kinachelewesha ombi hakijaguswa, kimehamishwa tu au kimeachwa pale pale.

Mteja wangu mmoja, muuzaji wa jumla katika Industrial Area ambaye huwauzia wenye maduka ya rejareja kwa njia ya simu, alikuwa na programu moja na hifadhidata moja ya PostgreSQL iliyobeba oda, stoo na malipo. Ukurasa wa bidhaa ulikuwa ukisuasua kila asubuhi, wakati wenye maduka wanapoagiza. Wahandisi wake waliamua kuitoa stoo na kuifanya huduma ya peke yake yenye hifadhidata yake. Waliponiita, ukurasa ulikuwa mzito kuliko mwanzo.

Chanzo kilionekana mara tu tulipoliendesha swali la hifadhidata kwa `EXPLAIN ANALYZE`. Ukurasa ulionyesha kila bidhaa imeuzwa kiasi gani katika siku 30 zilizopita, na jibu la PostgreSQL lilikuwa na maneno `Seq Scan`, yaani jedwali zima la mistari ya oda lilikuwa likisomwa kuanzia mwanzo hadi mwisho kwa sababu halikuwa na faharasa iliyofaa. Tiba ilikuwa mstari mmoja:

```sql
CREATE INDEX CONCURRENTLY ON oda_mistari (bidhaa_id, tarehe);
```

Jedwali hilo halikuwa katika stoo hata kidogo, kwa hiyo kuitoa stoo hakungeweza kusaidia. Badala yake, ukurasa wenye bidhaa 40 sasa ulikuwa ukiiuliza huduma ya stoo mara 40, swali moja baada ya jingine, na kila jibu likichukua milisekunde 5, milisekunde 200 zimekwenda kabla mteja hajaona chochote. Kosa hilo la pili lingerekebishwa kwa kuuliza bidhaa zote kwa pamoja. Kosa la tatu ndilo lililowagharimu, nalo halikuonekana kwenye skrini ya mhandisi yeyote.

Kabla ya mgawanyo, kuagiza katoni 3 kulifanyika hivi:

```sql
BEGIN;
UPDATE stoo SET idadi = idadi - 3
 WHERE bidhaa_id = 41 AND idadi >= 3;
-- isipobadilika safu yoyote: ROLLBACK
INSERT INTO oda (mteja_id, bidhaa_id, kiasi)
 VALUES (907, 41, 3);
COMMIT;
```

Stoo ikipungua, oda ipo. Oda isipoandikwa, stoo haipungui. Umeme ukikatika katikati, hifadhidata yenyewe inafuta nusu iliyokwisha kufanyika. Hakuna mhandisi aliyehitaji kuandika kanuni ya kushughulikia hali hiyo, na nadhani ndiyo sababu hakuna aliyekumbuka kwamba ulinzi huo upo.

Baada ya mgawanyo, programu ya oda ilituma ombi kwa huduma ya stoo kupitia mtandao, ikasubiri kwa sekunde 2, na isipopata jibu ikamwambia mwenye duka kwamba oda imeshindikana. Lakini kukosa jibu hakumaanishi kwamba kazi haikufanyika. Asubuhi yenye msongamano, huduma ya stoo ilikuwa ikipokea ombi, ikipunguza katoni katika sekunde ya 3, na kumjibu mtu ambaye alikwisha kuondoka. Stoo imepungua, oda haipo. Mwenye duka naye, akiona imeshindikana, alibonyeza tena, na katoni nyingine 3 zikapungua.

Dalili zilijitokeza ghalani. Msimamizi wa ghala alihesabu katoni 60 za mafuta ya kupikia ilhali mfumo ulimwonyesha 51, na wenye maduka walikuwa wakiambiwa bidhaa nyingine zimekwisha wakati zimejaa rafu. Kabla sijafika, lawama zilikuwa zimeanza kumwelekea msimamizi huyo, jambo lililonikera, kwa kuwa mwelekeo wa tofauti ulikuwa ukimtetea waziwazi. Mwizi hupunguza mali iliyo rafuni huku hesabu ya mfumo ikibaki kubwa. Hapa rafu ilikuwa na mali zaidi kuliko mfumo, na tofauti ilikuwa ikikua upande huo huo kila wiki. Tulipolinganisha kumbukumbu za huduma ya stoo na jedwali la oda, tulikuta upunguzaji usio na oda, na kila mmoja ulikuwa na ombi lililokatiwa kusubiri kwa dakika ile ile.

Yapo marekebisho yanayojulikana. Kila ombi lipewe kitambulisho cha kipekee, na huduma ya stoo ikihifadhi ili ombi likirudiwa lisipunguze mara mbili. Katoni zitengwe kwa muda kwanza, kisha zithibitishwe au ziachiliwe muda ukipita. Pawe na kazi ya usiku ya kulinganisha pande mbili. Wapo wanaodhani kwamba foleni ya ujumbe huyaondoa haya yote, ila foleni nayo inaweza kufikisha ujumbe ule ule mara mbili, na bado unatakiwa kuhakikisha kwamba oda na ujumbe wake vimeandikwa kwa pamoja katika hifadhidata moja kabla ujumbe haujatumwa. Hiyo ni miezi ya kazi ya wahandisi ili kupata sehemu tu ya kile ambacho neno `COMMIT` lilikuwa likiwapa bure.

Kanuni yangu, ambayo sioni haya kuirudia: mambo mawili ambayo lazima yawe kweli pamoja au yasiwe kweli pamoja hukaa katika hifadhidata moja, na programu inayoyaandika huwa moja. Ukitaka kuyatenganisha, uwe na sababu nzito ya kulipia gharama hiyo.

Dhana: huduma zikiwa nyingi, moja ikianguka nyingine zinaendelea

Zinaendelea iwapo tu hazitegemeani katika ombi lile lile. Chukua huduma tano ambazo kila moja inapatikana kwa asilimia 99.9 ya wakati, yaani inalala kwa takriban dakika 43 katika siku 30. Ikiwa oda moja ni lazima ipitie zote tano, na hitilafu zao hazitokei kwa wakati mmoja, upatikanaji wa oda hushuka hadi takriban asilimia 99.5, na dakika 43 zinageuka kuwa kama saa tatu na nusu. Umetengeneza sehemu tano za kuharibika na kuziunganisha kwa mnyororo.

Dhana: monolithi haihimili watu wengi

Endesha nakala kadhaa za programu ile ile nyuma ya kisambaza mzigo. Ikiwa hifadhidata ndiyo iliyolemewa, nakala za huduma ndogo ndogo zinazoisoma hifadhidata hiyo hiyo zitailemea vivyo hivyo.

Dhana: Netflix wamefanya hivyo

Netflix walianza kuhamia huko baada ya hitilafu kubwa ya hifadhidata mwaka wa 2008, na walikamilisha uhamisho wa kwenda AWS, kompyuta za kukodi za Amazon, mwaka wa 2016. Ni kampuni yenye vikundi vingi vya wahandisi ambavyo vingesubiriana vikitoa matoleo kwa pamoja. Kampuni yenye wahandisi saba wanaokaa meza moja haina tatizo hilo.

Wapo pia wanaonirukia na mfano wa kinyume: kwamba Prime Video waliacha huduma ndogo ndogo mwaka wa 2023 na kupunguza gharama kwa asilimia 90. Walichokieleza kilihusu kitengo kimoja, kinachokagua ubora wa picha na sauti, ambacho kilikuwa kikisafirisha data nyingi kati ya vipande vyake. Hakikuwa Prime Video nzima.

Dhana: basi usigawanye kamwe

Hapana. Yule yule muuzaji wa jumla nilimshauri atenge kitu kimoja, nacho ni kipokezi cha majibu ya M-Pesa. Mteja akishaweka namba yake ya siri, matokeo ya malipo hutumwa kwenye anwani ya `CallBackURL` uliyoitoa. Ikiwa programu kuu imezimwa kwa sababu unaweka toleo jipya, unaweza kuyakosa, na itabidi uulize hali ya kila muamala mwenyewe. Kipokezi kidogo ambacho kazi yake ni kuandika matokeo pamoja na `CheckoutRequestID` na kujibu kwamba yamefika, ambacho hakibadilishwi kwa miezi, kina sababu ya kuishi peke yake. Hakihitaji muamala mmoja na oda, kwa kuwa malipo yenyewe hufika baadaye kwa vyovyote. Utengenezaji wa ankara za PDF nao unafaa, kwa sababu unakula kumbukumbu nyingi na ukichelewa kwa dakika moja hakuna anayeumia.

Kwa mengine yote, weka mipaka ndani ya programu kwanza. Kila sehemu ipewe skima yake katika PostgreSQL na jina lake la mtumiaji wa hifadhidata, na ruhusa zizuie sehemu ya malipo kusoma majedwali ya stoo moja kwa moja. Ishi na mipaka hiyo kwa miezi sita. Ikiwa kila toleo bado linawalazimu kuzibadilisha sehemu zote mbili kwa pamoja, mpaka umewekwa pasipofaa, na ni nafuu kuusogeza sasa kuliko ukiwa na mtandao katikati.

Dhana: ukishagawanya, hakuna kurudi

Muuzaji wa jumla alirudi. Msimbo wa huduma ya stoo uliingizwa katika programu kuu kama sehemu yenye skima yake, majedwali yakanakiliwa kwa njia ya unakili endelevu wa PostgreSQL hadi pande mbili zikalingana, kisha uandishi ukasitishwa usiku kwa muda mfupi na kuelekezwa upande mpya. Hesabu za ghala zilisahihishwa kwa kuhesabu rafu upya, kwa kuwa hakukuwa na kumbukumbu iliyotosha kuaminika kwa bidhaa zote. Huduma ya zamani iliachwa ikisomeka tu kwa wiki chache ili kugundua kama kuna ripoti iliyosahaulika inayoiuliza, na ilikuwepo moja, ya idara ya fedha.