Kufuli la WhatsApp na nakala iliyobaki nje

“Si WhatsApp wameandika ujumbe umefungwa mwanzo hadi mwisho? Basi hakuna mwingine wa kuusoma.”

Njiani, ni kweli. Katibu wa chama cha msingi Newala akimtumia mwenzake wa Mtwara mjini orodha ya wakulima wa korosho na akaunti zao za benki, hata WhatsApp yenyewe haiioni. Ikishafika imefunguliwa: mwenzake anaweza kuipiga picha ya skrini, na katibu hataarifiwa.

Kinachosahaulika zaidi ni nakala rudufu ya mazungumzo. Kwa kawaida simu ya Android huihifadhi kwenye akaunti ya Google bila kufuli hilo. Atakayepata akaunti hiyo pamoja na laini ya katibu anaweza kurejesha mazungumzo kwenye simu nyingine.

Tangu 2021 nakala hiyo nayo inafungika: Settings > Chats > Chat backup > End-to-end encrypted backup, kisha unaweka nywila. Iandike kwenye daftari, maana ukiisahau na simu ikapotea, WhatsApp haiwezi kukufungulia. Na mwenzake wa Mtwara afanye vivyo hivyo, kwa kuwa orodha ileile imo kwenye nakala yake pia.