Kidonda cha kifundo: usikibane bandeji kabla ya kupima mapigo

"Mama ana kidonda kinachouma karibu na kifundo cha mguu, miezi mitatu hakiponi. Tutajuaje kama ni mishipa, kisukari au vijidudu?"

Muulizeni kwanza maumivu hupungua akifanya nini. Kama ni akilala na kuegemeza mguu juu ya mto, shukuni vena, mishipa inayorudisha damu moyoni. Vali zake zikilegea, damu hutuama mguuni, shinikizo hupanda, na ngozi hudhoofika hadi kuchanika. Kidonda hicho hukaa zaidi upande wa ndani, juu kidogo ya kifundo. Ni kipana, hakina kina, na hutoa majimaji mengi. Ngozi inayokizunguka hukolea weusi na kukakamaa, na mguu huvimba jioni.

Kama usiku hapati nafuu mpaka auning'inize mguu kitandani, tatizo huenda ni ateri: damu haifiki. Tazameni vidole, kisigino na upande wa nje wa kifundo. Hapo kidonda huwa kidogo, chenye kina, kikavu, kingo zake zimekatika wima. Mguu ni wa baridi na mapigo juu ya unyayo hayasikiki.

Tofauti hii ndiyo inayoamua tiba. Cha vena huponywa na bandeji ya kubana. Bandeji hiyohiyo kwenye mguu usio na damu ya kutosha inaweza kuua nyama. Kwa hiyo muuguzi hupima presha ya kifundo kwa dopla, kifaa kinachosikiliza damu ikipita mishipani, na kuigawanya kwa ile ya mkono. Tuseme mkono ni 140 na kifundo 84: jibu ni 0.6. Chini ya 0.8 habani kwa nguvu. Mgonjwa apelekwe kwa daktari wa mishipa. Kwa mwenye kisukari kipimo hudanganya, kwani ateri zilizokakamaa hazibonyei na namba hutoka kubwa kuliko hali halisi.

Kisukari chenyewe hutia ganzi, ndiyo maana kidonda chake huwa chini ya unyayo au vidoleni na mara nyingi hakiumi. Kikianza kuuma, tafuteni maambukizi au ateri iliyoziba.

Vijidudu vina mtego wake: karibu kila kidonda sugu kina bakteria, hivyo jibu la maabara peke yake si sababu ya kumeza antibayotiki. Kinachohesabika ni joto, uvimbe unaoenea, usaha, homa. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha. Pimeni joto kwa mgongo wa kiganja, mkilinganisha na mguu wa pili. Kidonda cha Buruli, kinacholetwa na bakteria na kilichopewa jina la eneo la Uganda, kwa kawaida hakiumi, na kingo zake zina uwazi chini yake. Hicho hutibiwa kwa rifampisini na klarithromisini kwa wiki 8.

Mgonjwa akiwa kijana, apimwe selimundu pia, kwani nayo huleta vidonda vya kifundo. Vidole vikigeuka vyeusi, au homa ikija pamoja na uvimbe unaopanda, afike hospitali siku hiyohiyo.