Panama: geti halinyanyui meli, na hospitali safi ilikuwa inafuga mbu

Wiki iliyopita kijiweni kulikuwa na ubishi, jamaa mmoja kashikilia kwamba kule kwenye mfereji wa Panama mageti yananyanyua meli kama lifti, mwingine anasema hapana, ni mapampu makubwa yanasukuma maji juu. Wote wamechemka.

Dhana: mageti au pampu ndiyo yanapandisha meli

Geti linazuia maji tu, basi. Kinachopandisha meli ni maji, na yanashuka yenyewe kutoka juu, pampu hamna. Wamarekani waliuziba mto Chagres kwa bwawa pale Gatun likatokea ziwa lililo mita 26 juu ya bahari. Meli ikitoka Atlantiki inaingia kwenye chumba cha zege cha urefu wa mita 305, geti la nyuma linafungwa, vali zinafunguliwa, maji ya juu yanapita kwenye mahandaki yaliyomo ndani ya kuta halafu yanaibukia kwenye matundu ya sakafuni, yametawanywa hivyo ili meli isirushwe huku na huku. Dakika kama nane meli imepanda mita nane na ushee. Inafanya hivyo mara tatu, ishafika ziwani. Upande wa Pasifiki inashuka, ngazi moja Pedro Miguel na mbili Miraflores.

Kilichonifurahisha mimi ni geti lenyewe. Mabawa mawili yanakutana kama herufi V, ncha imeelekea kwenye maji marefu, kwa hiyo maji yakisukuma ndo yanazidi kulibana. Kama maji ya pande mbili hayajalingana hulifungui hata ulete nini, yakilingana tu mota ndogo inatosha, maana bawa ni la chuma lakini ndani lina uwazi, linataka kuelea.

Hasara yake ni kwamba kila meli ikivuka, lita kama milioni 200 za maji ya ziwa zinaishia baharini. Ndo maana ukame ulipobana 2023 walipunguza idadi ya meli.

Dhana: mageti yapo kwa sababu bahari moja iko juu kuliko nyingine

Pasifiki iko juu kwa sentimita 20 hivi, hiyo siyo ishu. Ishu ni mlima wa katikati. Ni rahisi kuipandisha meli kuliko kuushusha mlima wote hadi usawa wa bahari, ingawa hata hivyo pale Culebra walichimba mpaka wakachoka, udongo ukawa unaporomoka tena walipokwisha kutoa.

Dhana: Wafaransa walikufa kwa sababu ya uchafu

Hii ndo inauma. Wafaransa wakiongozwa na de Lesseps walianza kuchimba mfereji 1881, na watu wanaokadiriwa kufika 22,000 wakafa hadi kampuni inaanguka 1889. Lakini hospitali yao ya Ancón ilikuwa nzuri, ina masista na bustani. Ili sisimizi wasile maua wakayazungushia vyombo vya maji, na miguu ya vitanda nayo wakaiweka kwenye visahani vya maji. Wakati huo watu waliamini homa inaletwa na hewa mbaya ya vinamasi. Kumbe mbu wa homa ya manjano, huyu edisi mwenye madoa meupe ambaye huku kwetu anatuletea dengue, anapenda hasa maji masafi yaliyotulia karibu na watu. Mgonjwa anaingia na malaria anatoka na homa ya manjano, au hatoki.

Wamarekani nao wakaanza 1904 kwa kiburi kilekile. 1905 homa ikalipuka, wafanyakazi wakagombania meli za kurudi kwao, injinia mkuu Wallace akaacha kazi. Aliyekuja baada yake, Stevens, akasimamisha uchimbaji na kumpa daktari Gorgas watu na vifaa. Gorgas alikuwa ameshaisafisha Havana kwa njia hiyohiyo: mgonjwa awekwe kwenye wavu haraka, maana mbu akimuuma siku tatu za mwanzo anachukua ugonjwa na baada ya siku kama 12 anaanza kuusambaza. Nyumba zikazibwa kwa karatasi zikafukizwa salfa, mapipa yakafunikwa, na kubwa kuliko yote wakaleta maji ya bomba, sasa nani tena aweke pipa uani? Novemba 1905 ndo mgonjwa wa mwisho wa homa ya manjano Panama City. Mwaka uliofuata Stevens huyohuyo ndo akawa anaitetea ile plani ya mageti kwa wabunge wao.

Dhana: basi mbu wakaisha

Wapi. Malaria ni ya anofelesi, anazaliana kwenye vidimbwi na hata nyayo za nyumbu zilizojaa maji, huwezi kufunika nchi nzima. Walichimba mitaro, wakamwaga mafuta, wakafyeka majani, ikapungua sana ila haikuisha. Hadi meli Ancon inapita rasmi tarehe 15 Agosti 1914, vifo vya ajali na magonjwa upande wa Wamarekani vilikuwa 5,609, na wengi wao ni weusi kutoka visiwa vya Karibi, waliokuwa wanalala kwenye vibanda visivyo na nyavu madirishani wakati wazungu wamewekewa.