Kwa nini "many furniture" inawapotezea alama wanafunzi wetu

Katika maswali ya kuchagua ya mtihani wa Kiingereza, wanafunzi wetu wa Unguja na Pemba hujikwaa sana kwenye swali la namna hii:

There isn't ____ furniture in our new classroom.
A. many   B. much   C. few   D. several

Wengi huchagua A, na sababu yao inaeleweka. Samani za skuli ni madawati, meza na makabati, vitu unavyoweza kuvihesabu kwa kidole. Tena Kiswahili kinatumia neno moja tu pande zote mbili: watu wengi, maji mengi. Kiingereza kimeigawa kazi hiyo. "Many" hufuatwa na nomino inayohesabika iliyo katika wingi, na "much" hufuatwa na nomino isiyohesabika. Furniture, hata liwe rundo la viti, Kiingereza hulichukulia kama maji. Halina wingi, na "furnitures" ni kosa.

Basi mwanafunzi asiliangalie darasa, aiangalie sentensi. Kitenzi hapo ni "isn't", cha umoja. Lau jibu lingekuwa many, few au several, tungeona "aren't" na nomino ya wingi. Majibu matatu yameanguka kwa mara moja, imebaki B.

Kitenzi hakisaidii kila mara. Katika "We did not get ____ information", "did not" haibadiliki kwa umoja wala wingi, kwa hiyo hapo tazama nomino yenyewe: information haina "s" ya wingi, jibu ni much. Vivyo hivyo advice, luggage, equipment na homework. Nawasihi walimu wenzangu wayafundishe maneno haya kwa pamoja, maana kwetu sisi mizigo ni mingi na vifaa ni vingi, na mtoto hana namna ya kuotea. Wayaongezee mawili yanayodanganya kwa umbo: news ina "s" lakini ni umoja (the news is good), na people haina "s" lakini ni wingi (many people).

Kwenye upungufu Kiswahili kinatusaidia zaidi, kwa sababu tunasema watu wachache lakini maji kidogo. "Few" inakwenda na wachache, "little" na kidogo. Ukilinganisha, few inakuwa fewer, na little inakuwa less: fewer visitors, less water. Mitaani utawasikia Waingereza wenyewe wakisema "less people", ila kwenye mtihani chagua fewer.

Muda, fedha na umbali vina utaratibu wao. Dakika zinahesabika, lakini tunasema "The boat leaves in less than ten minutes", kwa kuwa dakika kumi hizo zinachukuliwa kuwa kipindi kimoja. Kwa hiyo ukikuta idadi ya dakika, shilingi au kilomita baada ya "than", jibu huwa less.