"Neither Do I" Si Jibu la Kila Anayekanusha

Nimeikuta tena, safari hii kwenye kazi ya mwanafunzi wangu mmoja anayefanya kazi benki. Mwenzake kasema "I'm not going", naye kajibu "Neither do I". Nilipomuuliza hiyo "do" imetoka wapi, alinijibu bila wasiwasi: mtu akikanusha unasema "Neither do I", asipokanusha unasema "So do I". Ndivyo walivyofundishwa sekondari. Nafundisha Kiingereza watu wazima hapa Nairobi, jioni wakishatoka kazini, na imani hii hainikosi katika darasa lolote jipya.

Jamani, "do" si kipande cha msemo. Kitenzi kisaidizi pamoja na wakati wake unavichukua kwa aliyeanza kusema. Nafsi ndiyo yako. "I'm not going", basi "Neither am I". Ukimsemea kaka yako, "Neither is my brother". "She can swim", "So can I". Kisaidizi kinatangulia, kiima kinafuata, na usiongeze "not" yoyote kwa sababu "neither" imeshakanusha. Hilo tuliache hapo.

Kuna wanaoniambia, "Lakini mwalimu, si tunaelewana tu?" Hebu tuone. Wapangaji wawili wa ploti moja Kasarani wanaongea ngazini, tarehe tano imeshapita. Mmoja anasema, "I haven't paid the rent." Mwingine anajibu, "Neither do I." Alitaka kusema naye bado hajalipa mwezi huu, na hapo jibu ni "Neither have I". Alichosema ni kwamba yeye huwa halipi kodi. Landilodi akiwa anapita hapo chini, sijui atamtetea nani.

Panaponichosha hasa ni kwa "have", kwa kuwa wakishaelewa kanuni wanaitumia kwa pupa. Wanaiona "had" kwenye "I had lunch at two", wanajibu "So had I". Hapana. "Had" hapo ni kitenzi kikuu, ndiyo kula kwenyewe. Kipimo ninachowapa ni kimoja: ikanushe sentensi ya mwenzako kichwani, kisha uone ni kisaidizi gani kimejitokeza. "I had lunch" inakuwa "I didn't have lunch", kwa hiyo "So did I". "I had eaten" inakuwa "I hadn't eaten", kwa hiyo "So had I". "I have to go" inakuwa "I don't have to go", kwa hiyo "So do I". Lakini "I've got a cold" inakuwa "I haven't got a cold", na jibu ni "So have I". Mafua ni yale yale, ila "I have a cold" siku hizi inajibiwa "So do I". Waingereza wa zamani wangekubali "So have I" hapo pia, kwa hiyo mwanafunzi akiiandika simkati alama, ingawa simfundishi.

Kipimo hicho nacho kina mahali kinapokwama. "I put sugar in my tea": ni huwa anatia, au alitia leo asubuhi? Neno ni lile lile. "So do I" na "So did I" zote zinawezekana, na maandishi peke yake hayakwambii. Hapo utasikiliza mazungumzo yanahusu nini.

Halafu kuna kukanusha kusiko na "not". "I never drink milk" inajibiwa "Neither do I", na "I hardly slept" inajibiwa "Neither did I". Kinyume chake, "I doubt he'll come" ina shaka tele, lakini kisarufi haijakanusha chochote, kwa hiyo "So do I". Vivyo hivyo "I dislike him". Kinachohesabika ni umbo la sentensi, si kinyongo cha msemaji. Kwa "rarely" nakiri sina msimamo mkali: nafundisha "neither", lakini nimewasikia wenye lugha wakijibu "So do I" bila kujikwaa, na sikuona kosa.

Ukiligeuza jibu, umegeuza na maana. Mtu akikwambia "You've left your headlights on", ukigeuka ukaziona zinawaka, unasema "So I have!", yaani kumbe kweli. Ukisema "So have I", unamwambia kwamba nawe umeziacha zako, kana kwamba yeye ndiye aliyeanza kujisema.

Ukiona hesabu hizi zinakuchelewesha katikati ya maongezi, "Me too" na "Me neither" zipo na hazidai kisaidizi chochote. Ila ile "Even me" yetu ya Nairobi usiipeleke kwenye barua ya kazi. Huku tunaielewa sote. Msomaji wa mbali atadhani unashangaa kwamba hata mtu kama wewe umehusika.