"Although" na "Despite": Maana Moja, Miundo Miwili

"Kwa nini 'although it rained' ni sahihi, lakini 'despite it rained' ni kosa, ilhali yote mawili yana maana ya 'ingawa'?"

"Although" ni kiunganishi, kwa hiyo hufuatwa na kishazi chenye mtenda na kitenzi kinachoonyesha wakati. "Despite" na "in spite of" ni vihusishi, navyo hutaka jina.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba tofauti yao ni ya uzito tu, yaani "although" ni la mazungumzo na "despite" ni la barua rasmi. Nilipokuwa nikiandika kwa Kiingereza taarifa ya msimu wa korosho ya chama kimoja cha msingi hapa Mtwara, nilifuta "although", nikaweka "despite" na kuacha maneno mengine yalivyokuwa: "Despite the rain started early, the farmers dried their cashews." Nilidhani nimeipandisha hadhi sentensi, kumbe nimeivunja. Uzito haukuwa na kosa lolote, kwa kuwa hata "although" hukaa vizuri katika barua rasmi. Kosa lilikuwa kwenye "started".

Kiswahili chenyewe kinatuonyesha sababu. Tunasema "ingawa mvua ilianza mapema", lakini hakuna asemaye "licha ya mvua ilianza mapema". Baada ya "licha ya" tunasema "mvua ya mapema", au tunakivua kitenzi alama ya wakati: "licha ya mvua kuanza mapema". Kiingereza hufanya vivyo hivyo: "despite the early rain", au "despite the rain starting early", ambapo "-ing" inafanya kazi ya "ku-" yetu. Anayetaka kubaki na "started" ataandika "despite the fact that the rain started early", kama sisi tunavyosema "licha ya kwamba mvua ilianza mapema". Ulinganisho huu ni wa muundo zaidi kuliko maana, kwa sababu "licha ya" yetu huweza pia kumaanisha "mbali na".

La kuvutia zaidi ni asili ya maneno haya. "Despite" lilitoka Kifaransa cha kale likiwa jina lenye maana ya dharau, na "spite" ni ufupisho wake. Zamani Waingereza walisema "in despite of", kisha "in" na "of" zikadondoka. Ndiyo maana leo "despite of" ni kosa, ilhali "in spite of" haiwezi kuachwa bila "of", ambayo ni sawa na "ya" katika "licha ya".

Kuna mahali pamoja ambapo Kiswahili hutupotosha. Sisi husema "ingawa mvua ilinyesha, lakini korosho zilikauka", na sikio halikatai. Kwa Kiingereza, ukishaanza na "although", "but" haina nafasi: "Although it rained, the cashews dried."